Barua yangu ya kuomba nyongeza ya mshahara imejaa shida za nyumbani. Nisaidieni kuiandika upya

Binti wa Ankara

Wakuu, habari za kazi. Nipo idara ya fedha kwenye kampuni ya usambazaji, upande wa madeni ya wateja. Natuma ankara, nafuatilia malipo, nalinganisha hesabu mteja anapobisha. Huu ni mwaka wa tatu nipo kwenye kiti hiki. Nimeandika barua ya kuomba nyongeza, nikampa mwenzangu aisome kabla sijaipeleka. Kasema inatia huruma ila haitapita, na hakunieleza kwa nini. Hii hapa:

*"Kwa heshima naomba uniangalie katika suala la mshahara. Nimefanya kazi hapa kwa uaminifu kwa miaka mitatu. Kodi ya nyumba imepanda, mwanangu ameanza shule, na mama yangu ni mgonjwa, dawa zake nanunua mimi. Nimejitahidi kubana matumizi lakini mshahara haunifikishi mwisho wa mwezi. Nitashukuru kwa nyongeza yoyote utakayoona inafaa."*

Kila neno hapo ni kweli. Naomba mnioneshe inapokwama.

Fundi Stoo

Pole sana dada. Kwa hali hiyo kwa nini usiombe mkopo wa mshahara? Kazini kwetu ukieleza una mgonjwa wanakupa mshahara wa mwezi mmoja mbele, unakatwa kidogo kidogo. Barua yenyewe ni kama hiyo yako, badilisha mstari wa mwisho tu.

Mzee wa Bajeti

Fundi, umemjibu swali ambalo hakuuliza, lakini umeonesha tatizo lilipo kuliko ambavyo ningeweza kueleza mimi. Umesoma barua ukaona mtu mwenye shida, ukatafuta msaada unaofaa kwa shida. Meneja wake atafanya vivyo hivyo. Atampa pole, atamtafutia mkopo au ruhusa ya siku chache akamuuguze mama, na ataamini kabisa kwamba amemsaidia. Mshahara utabaki palepale.

Dada, nimekuwa mkuu wa idara miaka mingi na maombi ya namna hii yamepita mezani kwangu. Nikueleze barua inakwenda wapi ikishatoka mikononi mwako. Katika kampuni nyingi meneja wako hana mamlaka ya kuongeza mshahara peke yake. Anaibeba kwenda kwa mkuu wa fedha au kwa watu wa rasilimali watu, na wewe hutakuwemo chumbani. Huko ataulizwa: kwa nini huyu, na si wale wengine wa ngazi yake? Akijibu kwamba mama yake anaumwa, mazungumzo yameisha. Si kwamba watu wale hawana utu. Kila aliye kwenye orodha ya mishahara ana mgonjwa, ana mtoto au ana kodi, na hakuna anayeweza kupima shida ya nani ni kubwa zaidi. Halafu shida hupita. Mama akipona, je, mshahara ushuke? Anayepanga bajeti analiwaza hilo hata asipolitamka.

Kwa hiyo andika barua ambayo meneja wako anaweza kuirudia kwa mdomo wake mbele ya mtu asiyekujua. Tuambie umefanya nini hapo kazini.

Binti wa Ankara

Asante mzee, nimekuelewa. Kazi zangu ni hizi: kutuma ankara kwa wakati, kufuatilia madeni, kupokea malalamiko ya wateja kuhusu hesabu, kuandaa ripoti ya madeni kila mwisho wa mwezi, na kushirikiana na idara ya mauzo.

Kaka Msimamo

Hapo sasa! Weka namba dada. Jumlisha fedha zote ulizokusanya miaka mitatu, andika "nimeiingizia kampuni kiasi hiki". Namba kubwa haina mjadala. Na ongeza kwamba kuna kampuni nyingine inakutaka, uone watakavyokimbia.

Mzee wa Bajeti

Kaka Msimamo yuko sawa kwamba namba zinahitajika, ila si hiyo. Fedha zile wateja walikuwa wanadaiwa tayari, mauzo yalifanywa na wengine. Ukiandika umeiingizia kampuni jumla yote ile, mkuu wa fedha atajua umejitwalia kazi ya idara nzima, na kuanzia hapo hataamini hata yale ya kweli. Hilo la kampuni nyingine, usilitaje kama barua ya ajira haipo mkononi na hauko tayari kuondoka kweli. Wakikwambia nenda salama, utafanyaje?

Dada, ulichoorodhesha ni majukumu. Kila mstari hapo angeweza kuuandika mtu aliyekikalia kiti hicho kabla yako, na hayo ndiyo unayolipiwa tayari. Tunatafuta mistari ambayo yule wa kwanza asingeweza kuiandika. Jiulize: ulipoingia hali ilikuwaje, sasa ikoje, na katikati wewe ulibadilisha nini? Una bahati maana kazi yako inaacha alama. Ile ripoti ya madeni ya kila mwezi inagawa madeni kwa umri, siku 30, 60, 90 na kuendelea. Tafuta ya mwezi ulioanza na ya mwezi uliopita, uziweke pamoja.

Mama Zamu

Samahani kuingilia. Mimi napanga zamu za walinzi, hakuna ripoti ya umri wa kitu chochote. Kazi yangu ikienda vizuri maana yake hakuna kilichotokea. Sisi tunaandika nini?

Mzee wa Bajeti

Mama Zamu, nakuja kwako, swali lako ni gumu kuliko lake. Tumsubiri kwanza.

Binti wa Ankara

Nimezichimbua. Nilipoanza, madeni yaliyopita siku 90 yalikuwa asilimia 34 ya madeni yote. Mwezi uliopita ni asilimia 13. Sikuwahi kuziweka pamoja namna hii.

Nilichobadilisha ni vitu viwili. Niligundua ankara nyingi zilikuwa zinakaa kwa mteja bila kulipwa kwa sababu hazina namba ya agizo lake la manunuzi. Mhasibu wao anaziweka pembeni, hatuambii, na sisi tunakuja kupiga simu deni likishachelewa. Nikaanza kukagua namba hiyo kabla ankara haijatoka. Cha pili, wateja wakubwa nawapigia wiki moja kabla ya siku ya kulipa, sio baada. Nauliza tu kama ankara imefika na kama imepita kwa mwidhinishaji. Kama ina kasoro inajulikana mapema.

Halafu kuna jambo ambalo sikuliweka maana niliona ni kawaida. Aliyekuwa anashughulikia madeni ya tawi letu la pili aliondoka mwaka jana na nafasi yake haikujazwa. Nilipewa tawi lile "kwa muda", mpaka leo ninalo.

Kaka Msimamo

34 mpaka 13! Peleka hiyo hiyo, usipunguze hata nukta.

Mzee wa Bajeti

Subiri kwanza. Dada, ndani ya miaka hiyo mitatu kampuni ilifuta deni lolote la mteja aliyeshindwa kulipa? Deni likifutwa linatoka kwenye ripoti, na asilimia inashuka bila mtu kukusanya chochote. Pia angalia kama masharti ya malipo yalibadilika, mfano wateja kutakiwa kulipa sehemu kabla ya mzigo kutoka, au kama mauzo yaliongezeka ghafla. Mauzo mapya yanaongeza madeni machanga, na yale ya zamani yanaonekana madogo kwa kulinganisha hata kama hayajaguswa.

Binti wa Ankara

Masharti hayajabadilika na mauzo yapo karibu palepale. Lakini deni lilifutwa kweli, la mteja mmoja aliyefunga biashara. Lilikuwa kama asilimia 8 ya madeni yote ya wakati ule, na lote lilikuwa limepita siku 90. Inamaanisha namba yangu imeharibika?

Mzee wa Bajeti

Haijaharibika, inasafishwa. Litoe pande zote mbili. Chukulia madeni yote yalikuwa 100, ya zamani 34. Ondoa 8 kwenye ya zamani, yanabaki 26. Ondoa 8 kwenye jumla, inabaki 92. Ishirini na sita kwa 92 ni asilimia 28 hivi. Hapo ndipo pa kuanzia: kutoka 28 hadi 13, bila kuhesabu lile lililofutwa. Na uandike wazi kwamba umelitoa. Mkuu wa fedha ndiye aliyesaini kulifuta, analikumbuka. Akikuta umelitoa mwenyewe kabla hajauliza, hatakuwa na sababu ya kuanza kuzitilia shaka namba nyingine.

Hayo ya namba ya agizo na simu za mapema usiyaache. Asilimia peke yake haisemi nani ameishusha, inaweza kuwa bahati. Ukieleza ulichofanya, msomaji anaona kilichosababisha.

Na lile tawi la pili, ulilotaka kuliacha, huenda ndilo lenye nguvu kuliko yote. Kukusanya vizuri ni kufanya kazi yako vizuri, wanaweza kukupongeza wakaishia hapo. Kubeba nafasi ya pili ni kwamba kazi yenyewe imekuwa kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Tafuta maelezo yako ya kazi uliyosaini, uone kama tawi lile limo.

Binti wa Ankara

Halimo. Ninayo barua pepe ya meneja ya kunikabidhi, na tarehe ipo.

Mwalimu wa Ngazi

Naomba niweke angalizo kwa wengine wanaosoma. Sisi tulio kwenye utumishi wa umma, au kwenye mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi, mshahara unafuata ngazi. Mkuu wako hana uwezo wa kukuongeza hata barua iwe nzuri namna gani. Mafanikio yako yanaingia kwenye fomu ya tathmini na kwenye ombi la kupandishwa cheo au kubadilishiwa muundo. Ushahidi ni uleule, ila unapelekwa kwenye karatasi nyingine. Nimeona watu wakiandika barua nzuri kwa mtu asiye na la kuwafanyia.

Kaka Msimamo

Hilo kweli. Lakini bado kuna jambo linanikera. Maisha yamepanda kwa kila mtu. Mshahara uliokaa miaka mitatu bila kuguswa umeshuka thamani. Hiyo nayo ni shida binafsi? Mimi naona ni haki na aiandike.

Mzee wa Bajeti

Ni haki, wala sipingi. Ila ni hoja ya wote. Nyongeza ya kufidia kupanda kwa bei hudaiwa kwa pamoja, kupitia chama cha wafanyakazi au kikao, na jibu lake huwa asilimia ileile kwa kila mtu. Ukiichanganya kwenye barua ya mtu mmoja unampa msomaji mlango wa kutokea: "hata wenzako wana hali hiyo, tusubiri uamuzi wa wote." Kisha hoja ya tawi inasubirishwa pamoja nayo.

Kaka Msimamo

Hapo hatukubaliani mzee. Pasipo na chama, hiyo "pamoja" haiji kamwe.

Mzee wa Bajeti

Pasipo na chama, nakuelewa. Labda basi iwe sentensi moja tu, na isiseme bei za vitu. Iseme mshahara haujapitiwa tangu lini.

Mama Zamu

Mzee, mimi bado nasubiri.

Mzee wa Bajeti

Niwie radhi mama. Kazi yako ni ya kuzuia, na kuzuia kunahesabika pale tu unapojua zamani kilichokuwa kinatokea. Kuna daftari la zamu? Zamu ngapi kwa mwezi zilikuwa zinakosa mtu, na sasa ngapi? Ni mara ngapi ililazimu kumlipa mtu saa za ziada ili kuziba pengo? Saa za ziada ziko kwenye karatasi za malipo hata kama daftari limepotea.

Mama Zamu

Daftari lipo tangu nishike mimi. Aliyekuwepo kabla alikuwa anapanga kwa mdomo. Saa za ziada sijui kama watanionesha.

Mzee wa Bajeti

Basi huna hali ya mwanzo, na usiibuni. Linganisha miezi yako ya kwanza na ya sasa. Kama tofauti ni ndogo, egemea ukubwa wa kazi: ulianza na walinzi wangapi na vituo vingapi, sasa vingapi, na wapya wangapi umewafundisha wewe. Lakini nikwambie ukweli, kuna kazi ambazo hata ukifanya yote hayo ushahidi unabaki mwembamba, na hapo inategemea sana meneja amekuona kwa macho yake.

Mama Zamu

Vituo vilikuwa vinne, sasa ni saba. Walinzi nao wameongezeka. Hilo nalijua bila daftari.

Mzee wa Bajeti

Basi barua yako ianzie hapo.

Binti wa Ankara

Nimeandika upya. Nikosoeni.

*"Yah: Ombi la kupitiwa upya kwa mshahara*

*Naomba mshahara wangu upitiwe kulingana na majukumu ninayobeba sasa na matokeo ya kazi yangu.*

*Tangu mwaka jana nimekuwa nikisimamia madeni ya tawi la pili, pamoja na ya makao makuu. Nafasi ya aliyekuwa akiyasimamia haijajazwa. Jukumu hili halimo katika maelezo ya kazi niliyosaini. Nimeambatanisha barua pepe ya makabidhiano.*

*Nilipoanza, madeni yaliyopita siku 90 yalikuwa asilimia 28 ya madeni yote, bila kuhesabu deni lililofutwa baadaye. Mwezi uliopita yalikuwa asilimia 13. Mabadiliko haya yametokana na mambo mawili niliyoyaanzisha: kukagua namba ya agizo la manunuzi kabla ankara haijatumwa, na kuwasiliana na wateja wakubwa wiki moja kabla ya siku ya malipo. Ripoti za miezi yote miwili nimeziambatanisha.*

*Mshahara wangu haujapitiwa tangu nipewe tawi la pili. Naomba nyongeza ya asilimia 20. Naomba pia nafasi ya kukutana nawe tulizungumze."*

Fundi Stoo

Hii hata mimi nikiisoma siwazi mkopo tena.

Mzee wa Bajeti

Imekaa vizuri. Umeanza na tawi, na ndivyo inavyotakiwa, maana msomaji mwenye haraka huishia aya ya pili. Marekebisho madogo tu. "Niliyoyaanzisha": mwenzako wa mauzo alikusaidia kupata zile namba za agizo? Kama alisaidia, andika "nikishirikiana na idara ya mauzo". Meneja wa mauzo anaweza kuulizwa, na ni bora athibitishe kuliko akanushe. Pia ripoti ya mwezi ulioanza unayoambatanisha itaonesha 34, sio 28. Weka mstari mmoja chini yake unaoeleza ulivyotoa lile deni, la sivyo watadhani umekosea hesabu.

Hiyo 20 umeitoa wapi?

Binti wa Ankara

Alisaidia kweli, naongeza. Hiyo 20 nimeangalia matangazo ya kazi za msimamizi wa madeni wa matawi zaidi ya moja. Waliotaja mshahara wapo juu yangu kwa asilimia 15 mpaka 25.

Mzee wa Bajeti

Sawa, unao msingi. Matangazo usiyaambatanishe, yaandae kwa mazungumzo.

Kaka Msimamo

Mimi nasema asilimia isiandikwe kabisa. Ukiandika 20 hutapata 25 hata kama walikuwa wameitenga. Omba kikao, namba itajwe ana kwa ana baada ya kuwasikia.

Mzee wa Bajeti

Na mimi nimeona barua zisizo na namba zikirudi na asilimia 3 na neno la pongezi. Anayebeba ombi kwenda juu lazima aende na kiasi. Usipompa chako, atabuni cha kwake, na chake huwa kile ambacho hakitampa usumbufu.

Mwalimu wa Ngazi

Nadhani inategemea kama meneja wake ni wa kuzungumza naye kwanza. Kama ndiye, namba itajwe kwenye mazungumzo, kisha barua ifuate ikiwa na namba hiyohiyo kwa ajili ya wale wa juu.

Binti wa Ankara

Meneja wangu anazungumzika. Lakini anayesaini juu yake simjui kabisa. Na bajeti ya mwaka ujao inafungwa mwisho wa mwezi ujao, nimeulizia leo.

Mzee wa Bajeti

Basi usisubiri. Ikishafungwa, hata anayekukubali hana pa kukuweka. Muombe kikao wiki hii, nenda na barua mkononi. Akisema fedha hakuna, usiondoke na "tutaangalia". Muulize mambo mawili: ombi litapitiwa lini tena, na tawi la pili litajazwa mtu lini. Jioni mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru, urudie tarehe alizokutajia. Swali la pili litamfanya afikirie gharama ya kuajiri mtu mpya mahali ambapo wewe unaomba asilimia 20.

Binti wa Ankara

Na haya ya mama, nisiyataje kabisa hata akiniuliza hali ya nyumbani?

Mama Zamu

Akikuuliza mjibu dada, ni binadamu. Mwambie mama anaendeleaje. Ila barua iwe imeshafika mezani kwake.

Binti wa Ankara

Nimeomba kikao. Kanipa Alhamisi asubuhi. Asilimia nimeiacha kwenye barua.